Milioni Kumi na Mbili Zipi?

Katika nyaraka zote ambazo mtumishi wa umma wa kawaida hutia saini bila kuzisoma, mkataba wa dhamana ndio wa ajabu kuliko zote, kwa sababu humfunga mtu ambaye hakupokea hata senti moja. Mkopaji akisaini, anaondoka na fedha. Mdhamini akisaini, anaondoka na shukrani, pengine na soda, na ahadi ambayo haioni tena hadi siku barua ya madai itakapofika mezani kwake.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake, inaueleza mkataba huu kwa ufupi: ni ahadi ya kutimiza wajibu wa mtu wa tatu endapo mtu huyo atashindwa. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Wadhamini wengi hudhani kwamba mkopeshaji ni lazima kwanza amalizane na mkopaji, auze mali zake, ndipo awageukie wao. Sivyo. Mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini anaweza kudaiwa mara moja. Kinachobaki kumkinga ni yale maneno machache, "isipokuwa mkataba useme vinginevyo", na mkataba husema hayo mahali patatu tu: unapotaja deni gani limedhaminiwa, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Mahali hapo patatu pakiyumba, kinga nayo huyumba.

Mapema mwaka jana, mwezi Februari, binamu yangu aliye mwalimu wa shule ya msingi kule Manchira, wilayani Serengeti, karibu na lile bwawa linalopeleka maji mjini Mugumu, alinitumia picha za kurasa nne kwa simu. Rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa anakopa fedha za kununua mashine ya kusaga nafaka, naye ameombwa awe mdhamini. "Kaka," aliandika, "wewe ni mtu wa lugha, hebu nitazamie makosa ya tahajia kabla sijasaini." Mimi si wakili, nami nilimwambia hivyo. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kusoma sentensi za watu wengine na kuuliza zinamaanisha nini, na kurasa zile nne zilikuwa na kazi ya kutosha ya aina hiyo. Makosa ya tahajia yalikuwa mawili tu, na hakuna lililokuwa na madhara.

Nilichofanya ni kuzichapisha kurasa, kuchukua kalamu tatu za rangi tofauti, na kupigia mstari kila mahali deni, kiasi na muda vilipotajwa, hata kama vilitajwa kwa kiwakilishi tu. Kisha nikavinakili katika karatasi nyingine, kila mtajo kwenye mstari wake, pamoja na namba ya kifungu, neno kwa neno kama ulivyoandikwa. Kunakili huku ndiko hasa kazi yenyewe. Jicho linaposoma mfululizo hujaza lenyewe mapengo, kwa kuwa linajua kinachokusudiwa. Mkono unaponakili "miezi 24" kwenye mstari mmoja na "miaka miwili" kwenye mstari unaofuata hulazimika kusimama.

Nianze na deni. Kifungu cha kwanza kilisema mdhamini anadhamini "mkopo". Cha tatu kikasema "deni". Cha sita kikasema "fedha zote anazodaiwa mkopaji". Na cha tisa, karibu na saini, kikasema "mikopo". Mwanafunzi wa fasihi angesifiwa kwa kukwepa kurudia neno. Katika dhamana, kila neno jipya linampa msomaji wa baadaye sababu ya kuuliza kama linataja kitu kipya, na msomaji huyo mara nyingi ni wakili wa mtu mwingine. Herufi moja ile, "mi-" badala ya "m-", inatosha kuibua hoja kwamba mwalimu wa Manchira hakudhamini mkopo mmoja wa mashine bali kila mkopo ambao rafiki yake atachukua kwa mkopeshaji yule siku za usoni. Sheria inaitambua dhamana ya namna hiyo, dhamana inayoendelea kutoka mkopo hadi mkopo, na ni halali kabisa kwa anayeitaka. Binamu yangu hakuwa anaitaka.

Hapa Kiswahili chetu kina mitego yake, ambayo anayetafsiri mikataba kutoka Kiingereza haoni kwa sababu haimo kule alikotoka. Hatuna neno dogo la kutenganisha mkopo fulani unaojulikana na mkopo wowote tu. "Mdhamini atalipa mkopo" inaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Ndiyo maana tunalazimika kuandika "mkopo huu", au kuupa jina kwa herufi kubwa, "Mkopo", baada ya kueleza mara moja ni upi: wa mkataba gani, wa tarehe gani, kati ya nani na nani. Tena neno "mkopo" lenyewe limebeba mizigo mitatu: fedha zilizotolewa, deni linalobaki na riba yake, na wakati mwingine mkataba wenyewe. "Dhamana" nayo ni ahadi ya mtu, ni shamba au mashine iliyowekwa rehani, na polisi ni kitu kingine kabisa. Karatasi ya binamu yangu ilisema katika kifungu cha nane kwamba "dhamana itarejeshwa mkopo utakapokwisha". Ahadi hairejeshwi. Kifungu kile kilikuwa kimehamishwa kutoka kwenye fomu ya rehani ya mali, na hakuna aliyekitazama.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye kiambishi. Mkopo, mkataba na muda vyote ni vya ngeli moja, vyote vinachukua "u-". Sasa soma sentensi hii iliyokuwa katika kifungu cha tano: "Wajibu wa mdhamini juu ya mkopo uliotajwa katika mkataba kwa muda huo utakoma utakapokwisha." Utakapokwisha nini? Mkopo, yaani deni likishalipwa lote? Mkataba? Au muda, hata kama deni bado lipo? Hata "wajibu" wenyewe ni "u-". Sarufi haina kosa, na hilo ndilo linaloifanya sentensi iwe ya hatari, maana hakuna mwalimu ambaye angeiwekea alama nyekundu. Dawa yake ni ya kuchosha: kurudia nomino kila mara, hata masikio yakikataa.

Tuje kwenye kiasi, maana hapa ndipo binamu yangu alipokaa kitako. Mkopo ulikuwa wa shilingi 12,000,000, riba asilimia 18 kwa mwaka, ikikokotolewa juu ya fedha zote tangu mwanzo na si juu ya salio, kwa miaka miwili. Riba hiyo ni shilingi 4,320,000, na jumla ya kurejesha ni shilingi 16,320,000, yaani marejesho 24 ya shilingi 680,000 kila moja. Hesabu ni rahisi, lakini niliifanya mwenyewe kwa mkono, kwa sababu huwezi kujua kama namba mbili zinapaswa kufanana kabla hujajua kila moja imetoka wapi.

Kifungu cha kwanza kilisema mdhamini anadhamini shilingi 12,000,000. Cha tatu kikataja 16,320,000. Cha saba kikasema wajibu wake "hautazidi shilingi milioni kumi na mbili pamoja na riba na gharama". Jedwali lililoambatishwa likaandika jumla kuwa 16,230,000. Hii ya mwisho ni ya vidole tu: tatu na mbili zimebadilishana nafasi, na tofauti ni shilingi 90,000. Makosa ya namna hii hugunduliwa kwa kusomeana kwa sauti, mtu mmoja akisoma tarakimu moja moja na mwingine akifuata kwenye nakala yake, na kwa kulinganisha tarakimu na maneno. Pale tarakimu na maneno vinapogombana, ada ya wanasheria ni kuyapa maneno nguvu zaidi, lakini jedwali lile halikuwa na maneno.

Kifungu cha saba ndicho kigumu, kwa kuwa hakina namba yoyote iliyokosewa. "Hautazidi milioni kumi na mbili pamoja na riba na gharama." Ukiisoma kwa namna moja, milioni kumi na mbili ndiyo dari, riba na gharama zikiwa humo ndani. Ukiisoma kwa namna nyingine, ni milioni kumi na mbili, halafu juu yake riba, halafu juu yake gharama za kudai, ambazo hazina dari yoyote. Kwa mwalimu anayeishi kwa mshahara, tofauti ya masomo hayo mawili ni zaidi ya shilingi milioni nne, na hapo hatujamhesabu dalali.

Katika hatua hii msahihishaji hujaribiwa kufanya jambo linaloonekana la busara: achague kiasi kimoja, akisambaze kwenye vifungu vyote, karatasi iwe safi. Nasema kwa ukali kwamba hilo ni baya kuliko kuiacha karatasi na uchafu wake. Maneno yanayogombana katika dhamana mara nyingi si uzembe wa mpiga chapa, ni alama kwamba watu wenyewe hawajakubaliana. Nilimpigia binamu yangu nikamuuliza alichoelewa siku walipozungumza. "Milioni kumi na mbili, kaka, basi." Nikamwomba amuulize rafiki yake. Naye akasema milioni kumi na mbili. Kisha akamuuliza afisa mikopo, na afisa, bila hila yoyote, akajibu kwamba bila shaka ni deni lote, milioni kumi na sita na ushei. Watu watatu walikuwa wameketi kwenye benchi moja, wakanywa chai moja, wakaondoka na mapatano mawili. Karatasi ilikuwa imeyaandika yote mawili kwa uaminifu, moja kifungu cha kwanza, jingine kifungu cha tatu. Kama ningeisafisha kimya kimya, ningekuwa nimeamua mimi, niliye mbali na mashine ile, nani apate hasara.

Kwa hiyo pembeni ya kifungu cha saba sikuandika sahihisho. Niliandika swali: "Riba na gharama zimo ndani ya kiasi hiki au ziko nje yake? Wajibu wahusika wote watatu."

Muda ulikuwa na kisa chake, na hapa, kwa mara ya kwanza, aliyekuwa hatarini ni mkopeshaji. Kifungu cha pili kilisema dhamana ni ya "miezi 24 kuanzia tarehe ya kutolewa kwa fedha". Cha tano kikasema "miaka miwili tangu kusainiwa". Miezi 24 na miaka miwili ni kitu kimoja, msomaji atasema, na ni kweli kama vyote viwili vinaanza siku moja. Tarehe ya saini iliyokuwa imeshachapwa ilikuwa 3 Machi 2025. Fedha zilitarajiwa kutoka tarehe 28 Machi. Rejesho la kwanza katika jedwali lilikuwa la tarehe 30 Aprili 2025, na la mwisho, la ishirini na nne, tarehe 31 Machi 2027. Fuata kifungu cha tano, na dhamana inakufa mwanzoni mwa Machi 2027, rejesho moja zima likiwa bado halijaiva. Fuata cha pili, na inakufa siku chache tu kabla au baada ya rejesho hilo, kutegemea fedha zilitoka lini hasa. Kushindwa kulipa hakuonekani siku ya malipo. Huonekana siku baada yake. Dhamana inayokwisha pamoja na rejesho la mwisho inamwacha mkopeshaji bila siku hata moja ya kudai, au, kwa uwezekano mkubwa zaidi, inawapa mawakili wa pande zote mbili kazi ya mwaka mzima.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo watu wa Mara wangeielewa haraka kuliko watu wa London, kwa kuwa inahusu mifugo. Ni ya Holme dhidi ya Brunskill, iliyoamuliwa mwaka 1878. Holme alikuwa amempangisha mtu shamba pamoja na kondoo 700, na Brunskill akaweka dhamana ya pauni 800 kwamba kondoo wale watarudishwa wakiwa katika hali njema. Baadaye mwenye shamba na mpangaji wakakubaliana wao wawili kwamba mpangaji arudishe kipande kimoja cha malisho na kodi ipungue kwa pauni 10. Mdhamini hakuulizwa. Kondoo walipopungua, akadaiwa. Mahakama ya Rufani, kwa wingi wa sauti, ikamwachilia: alichokuwa amedhamini ni kundi linalolishwa kwenye shamba lile, kwa masharti yale, na wengine hawakuwa na haki ya kubadilisha masharti kisha wamwamulie kwamba badiliko ni dogo. Sheria yetu nayo inamwachilia mdhamini kuhusu mambo yanayofuata badiliko lililofanywa bila ridhaa yake, na inamwachilia pia pale mkopeshaji anapopatana na mkopaji kumwongezea muda bila ridhaa hiyo. Kumvumilia tu mkopaji bila kuahidi chochote ni jambo jingine, na hakumwachilii mdhamini.

Tazama jinsi hili linavyorudi kwenye kalamu zangu tatu. Ili mtu aseme kwamba muda umebadilishwa, ni lazima kwanza pawepo muda mmoja unaojulikana. Karatasi yenye miisho miwili haiwezi kuthibitisha kwamba mwisho umesogezwa. Mkopeshaji atasema hajabadilisha kitu, anafuata kifungu cha pili; mdhamini atasema umebadilishwa, kwa kuwa yeye anafuata cha tano. (Nionye pia kwamba dhamana nyingi zilizochapwa tayari zina kifungu ambamo mdhamini anaridhia kabla mabadiliko yoyote ya baadaye. Kikiwemo, kinga hii yote inayeyuka, na ni kifungu cha kujadili, si cha kusahihisha.)

Majibu ya maswali yangu yalichukua siku kumi na moja. Walikubaliana kwamba binamu yangu asimame kwa shilingi 12,000,000, riba na gharama zikiwa ndani yake, na kwa kilichobaki mkopeshaji akaichukua mashine yenyewe kuwa rehani. Ndipo usahihishaji wa kweli ulipoanza, na ulikuwa mwepesi. Tulitengeneza maelezo matatu mwanzoni mwa mkataba. "Deni" likawa fedha ambazo Mkopaji anapaswa kumlipa Mkopeshaji chini ya mkataba wa mkopo wa tarehe 3 Machi 2025, na si chini ya mkopo mwingine wowote. "Kikomo" kikawa shilingi 12,000,000, shilingi milioni kumi na mbili, riba na gharama zote zikiwa ndani ya kiasi hicho. "Muda wa Dhamana" ukawa tangu siku fedha zinapotolewa hadi tarehe 30 Aprili 2027, na madai yoyote yamfikie Mdhamini kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo kupita. Tukaandika tarehe ya kalenda badala ya idadi ya miezi, maana tarehe haihitaji kuhesabiwa na mtu yeyote.

Baada ya hapo, katika kurasa zote nne, kiasi hakikuandikwa tena kwa tarakimu isipokuwa kwenye jedwali la marejesho. Kila kifungu kilisema "Kikomo". Namba iliyoandikwa mahali pamoja haiwezi kugombana na nafsi yake, na ikibidi ibadilishwe itabadilishwa mahali pamoja. Nilitafuta kwa kompyuta maneno "mkopo", "deni", "milioni", "mwezi", "mwaka" na "muda", kila moja peke yake, nikasimama kila lilipotokea. Kisha nikausoma mkataba kuanzia kifungu cha mwisho kwenda cha kwanza, ili hadithi yake isinichukue. Hapo ndipo nilipomkuta "mikopo" wa kifungu cha tisa akiwa bado hai, kwa sababu mtambo uliokuwa ukitafuta "mkopo" ulimpita.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na wengi wetu tulishangilia, mimi nikiwemo. Maana yake ni kwamba kiambishi "u-" cha kifungu cha tano sasa kinaweza kubishaniwa mbele ya hakimu kwa lugha ile ile kilimoandikwa, bila tafsiri ya kujificha nyuma yake.

Binamu yangu alisaini nakala mpya. Wiki iliyofuata akanipigia tena: mwalimu mwenzake alikuwa ametia saini mwezi Januari kwenye fomu ile ile ya zamani, ya "mikopo" na ya "miaka miwili tangu kusainiwa", na afisa alikuwa tayari kuirekebisha kwa kalamu pembeni. Nikamwambia amzuie. Karatasi iliyokwisha kusainiwa hairekebishwi na mtu mmoja. Inaandikwa nyongeza ya mkataba, inayotaja vifungu vinavyobadilishwa na maneno mapya yanayoingia, na wote watatu, mkopeshaji, mkopaji na mdhamini, wanaisaini kwa tarehe ya siku hiyo. Akaniuliza kama ningeweza kumwandikia rasimu. Nikamwambia anitumie kurasa zote nne, na jedwali pia.